Kuondoa wimbo kwenye video iliyodaiwa hakimiliki huku maneno ya msemaji yakibaki

Karibuni nilishughulikia mahojiano ya dakika 12 yaliyorekodiwa ukumbini. Mama mmoja anaeleza kazi yake, na nyuma yake spika za ukumbi zinapiga wimbo maarufu. Baada ya video kupandishwa, mfumo wa Content ID wa YouTube uliutambua wimbo huo kuanzia 3:10 hadi 4:25, na mwenye wimbo akawa na madai juu ya video nzima. Kwa bahati mbaya, sekunde hizo 75 ndizo zilizobeba jibu zuri kuliko yote. Kuzikata ni kuua mahojiano, na kuzinyamazisha ni kumwacha mama anachezesha midomo tu.

Kabla ya kugusa chochote, soma ulichoandikiwa. Madai ya Content ID yanaweza kuisha ukiuondoa wimbo. Onyo la hakimiliki, yaani pale mwenye mali anapoomba video iondolewe, ni jambo lingine: kuihariri video hakufuti onyo. Ninayoeleza hapa yanahusu madai tu.

Swali la pili ni wimbo uliingiaje. Kama uliwekwa na mhariri wakati wa kuunganisha video, na faili la mradi bado lipo, maneno yako salama kwenye mstari wake. Zima mstari wa muziki, toa video upya, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba YouTube hairuhusu kubadilisha faili ndani ya kiungo kilekile, kwa hiyo utapandisha video mpya na kuacha nyuma watazamaji na maoni ya ile ya zamani. Kwa video iliyokwishatazamwa sana, hilo linauma.

Kwa mahojiano yetu njia hiyo haikuwepo. Wimbo na maneno viliingia pamoja kwenye maikrofoni moja. Hapo pa kuanzia ni YouTube Studio yenyewe. Fungua maelezo ya madai, chagua kuchukua hatua, kisha `Erase song`. Zana hii hujaribu kutoa wimbo peke yake na kuacha maneno, na toleo lake lililoboreshwa lilitangazwa Julai 2024. Faida yake kubwa ni kwamba kiungo, watazamaji na maoni vinabaki palepale, na ikifaulu madai yanaondoka yenyewe. Hifadhi kwanza nakala ya video ya asili kwenye kompyuta yako. YouTube wenyewe wanasema kwamba nyimbo nyingine ni ngumu kutoka, na zikikataa unabaki na chaguo la kunyamazisha sauti yote ya kipande kilichodaiwa. Chaguo hilo mimi silikubali pale mtu anapozungumza.

Zana ya Studio ikishindwa, au ikitoka na maneno yaliyokwaruzika, ninafanya kazi hiyo mwenyewe kwa Demucs, programu ya bure ya kutenganisha sauti. Kwanza natoa sauti kwenye video kwa programu ya ffmpeg, kisha naitenganisha, zote kwa amri za kuandika kwenye terminal:

```
ffmpeg -i video.mp4 -vn -ac 2 -ar 44100 sauti.wav
demucs --two-stems=vocals sauti.wav
```

Ndani ya folda ya `separated` utapata mafaili mawili. `vocals.wav` lina sauti za watu, na `no_vocals.wav` lina vyote vilivyobaki. Wengi hapa hulichukua la kwanza, hulirudisha kwenye video na kupandisha, kisha hushangaa madai yakirudi. Sababu ni kwamba Demucs ilifundishwa kwa nyimbo. Kazi yake ni kutenga sauti ya binadamu na ala, na kwake mwimbaji ni binadamu sawasawa na mama anayehojiwa. Ngoma, gitaa na kinanda vinaondoka, lakini mwimbaji anabaki nyuma ya maneno, akiimba bila ala. Content ID inaweza kumtambua hata hivyo.

Kwa hiyo nasikiliza mafaili yote mawili kwa hedifoni, kila moja kwa lengo lake. Kwenye `vocals.wav` nasikiliza mapumziko: pale mama anapovuta pumzi au anapomsikiliza mwulizaji. Mwimbaji akiwepo, ndipo atakaposikika wazi. Kwenye `no_vocals.wav` natafuta kinyume chake, yaani kivuli cha maneno ya mama ndani ya muziki. Nikikisikia, programu imeiba sehemu ya usemi wake. Mara nyingi zinazoibwa ni sauti kali kama za s, sh na ch, kwa kuwa zinafanana na mlio wa matoazi. Ukisikia upande wa maneno "ahani" badala ya "sahani", umejua zilikokwenda.

Katika mahojiano haya, kati ya 3:10 na 3:50 wimbo ulikuwa kwenye mwanzo wa ala tupu. Hapo utenganishaji ulitoka safi. Kuanzia 3:50 mwimbaji aliingia, na mama alikuwa na mapumziko kadhaa marefu. Kila pumziko nililinyamazisha kwa mkono ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti. Chini ya maneno yenyewe mwimbaji alibaki kwa mbali, akafunikwa na sauti ya mama aliyekuwa karibu na maikrofoni. Angekuwa mbali nayo, na spika zikapiga kwa nguvu kumzidi, nisingeweza kumwokoa kwa njia hii.

Ukifika hapa sikio litalalamika kwa jambo jingine. Mvumo wa ukumbi, yaani feni, minong'ono na mwangwi, umeondoka pamoja na ala, kwa hiyo mama anasikika kama ameingizwa ghafla kwenye kabati. Nilitafuta mahali pengine kwenye rekodi hiyohiyo ambapo hakuna anayezungumza na wimbo haujaanza, nikakata sekunde chache za mvumo, nikazirudia chini ya kipande chote kwa sauti ya chini. Mvumo huo huziba mapumziko yaliyonyamazishwa na kuficha mikwaruzo midogo ya utenganishaji. Kwangu hatua hii ndiyo inayomfanya mtazamaji asigundue kwamba palikuwa na kazi hapo, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Sauti iliyotenganishwa naiweka kwenye kipande kilichodaiwa tu. Kwingine kote naiacha ya asili, kwa kuwa kila utenganishaji hupunguza ubora kidogo. Pale sauti hizo mbili zinapoungana naifanya moja ififie huku nyingine ikipanda, kwa muda wa chini ya sekunde moja, na ninaanza kidogo kabla ya 3:10 na kumaliza kidogo baada ya 4:25, maana wimbo unaweza kuanza kusikika kabla ya pale mfumo ulipoushika. Kisha narudisha sauti kwenye video bila kuigusa picha:

```
ffmpeg -i video.mp4 -i sauti-mpya.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac -b:a 192k video-mpya.mp4
```

Video hiyo naipandisha ikiwa ya faragha na kusubiri hatua ya `Checks`, ambapo YouTube hukagua hakimiliki kabla ya kuchapisha. Madai yakitokea tena, hutaja dakika na sekunde. Rudi pale hasa, usikilize maneno ya mwimbaji chini ya msemaji. Kama anasikika kiasi cha wewe kuyafuata maneno ya wimbo, fupisha kipande hicho, au mwombe msemaji alirudie jibu lile mahali penye utulivu na uliweke juu ya picha nyingine za ukumbi.