Mchoro si grafu yenyewe

"Mwalimu, mistari yangu inakatana, ya mwenzangu haikatani. Si grafu mbili tofauti?"

Wanafunzi wangu wapendwa,

Hapana, ni ileile. Grafu ni nukta pamoja na orodha ya jozi zilizounganishwa, basi. Mahali nukta ilipokaa hapamo kwenye orodha hiyo.

Chukueni A, B, C na D, kila moja imeunganishwa na nyingine zote. Mkizichora kama mraba, AC na BD hukatana katikati. Pale hapana nukta. Wengi wenu mliihesabu ya tano! Sasa isogezeni D ndani ya pembetatu ABC, mistari ikiifuata. Hakuna kinachokatana tena, na jozi ni zilezile 6: AB, AC, AD, BC, BD, CD.

Mkiwa na shaka, andikeni jozi za kila mchoro, mzilinganishe.

Mwalimu wenu