Mstari uliolala katikati ya sprinti unasema nini?

"Sprinti yetu ni ya siku kumi. Kila mtu ana kazi mkononi na hakuna anayelala, lakini chati ya kazi iliyobaki haijashuka tangu siku ya tatu. Mbona?"

Mara nyingi ni kwa sababu chati hiyo haipimi juhudi. Inapima kazi iliyokamilika. Timu ikipima ukubwa wa kazi kwa pointi, kadi ya pointi 5 iliyofanywa kwa asilimia tisini bado inahesabiwa kuwa pointi 5 zilizobaki. Kwenye Jira, programu ya kufuatilia kazi za timu, mstari hushuka pale tu kadi inapofika safu ya mwisho kulia, ambayo kwa kawaida ni `Done`. Kwa hiyo watu sita wanaweza kutoka jasho siku nne na mstari usitikisike.

Tuchukue mfano. Timu ina wasanidi watano na mtu mmoja wa kupima. Imeahidi pointi 40, yaani kadi nane za pointi 5 kila moja. Kadi nane haziwezi kushusha mstari kila siku kwa siku kumi, hivyo siku moja au mbili bila mteremko si jambo la kushtua. Hadi jioni ya siku ya tatu kadi mbili zimekamilika, zimebaki pointi 30. Jioni ya siku ya saba, bado ni 30.

Hapo chati imefika mwisho wa uwezo wake, kwa sababu haionyeshi kadi zimekwama wapi. Fungua ubao uhesabu safu kwa safu. Katika mfano wetu, `To Do` ni tupu, `In Progress` ina kadi mbili, `Testing` ina nne, `Done` ina mbili zilezile. Ukifuatilia tarehe za kadi hizo unaona kilichotokea: baada ya siku ya tatu wasanidi walizigawana zote sita kwa pamoja, kila mmoja akashika yake na mmoja wao akashika mbili. Siku ya nne na ya tano mpimaji hakuwa na cha kupima. Siku ya sita na ya saba kadi nne zikamwangukia kwa mpigo.

Sasa piga hesabu. Mpimaji akimaliza kadi moja kwa siku, siku tatu zilizobaki zitampa kadi tatu. Hata kasoro isipopatikana hata moja, sprinti itaisha na pointi 15 mezani. Na kasoro hazikosekani: kadi ikirudishwa kwa msanidi, inakula siku nyingine. Kumhimiza msanidi aongeze kasi hapa kunaongeza tu foleni mbele ya mpimaji. Kinachosaidia ni wasanidi wawili au watatu kuacha kuandika programu mpya asubuhi ya siku ya nane na kupima kadi za wenzao, kila mtu asipime yake mwenyewe. Kadi iliyo karibu zaidi na `Done` ndiyo ishughulikiwe kwanza.

Lakini usikimbilie hitimisho hilo kila unapoona mstari umelala, kwani kuna hali nyingine inayochora picha ileile. Tuseme timu ilikamilisha kadi mbili kati ya siku ya nne na ya saba, na siku zilezile meneja akaingiza kadi mbili mpya za pointi 5. Kumi zimetoka, kumi zimeingia, mstari uko palepale kwenye 30. Timu hii haijakwama hata kidogo, na kuikaripia ni kuionea. Dalili iko kwenye safu ya `Done`, yenye kadi nne badala ya mbili. Jedwali lililo chini ya chati ya Jira nalo linaonyesha kila badiliko na tarehe yake, na nyongeza za kazi zimeandikwa `Scope change`. Mazungumzo ya hapa ni na aliyeongeza kazi: kipi kitolewe ili hiki kiingie?

Kuna timu zinazokwepa mstari uliolala kwa kuhesabu saa zilizobaki badala ya pointi. Kweli, mstari utateremka vizuri, maana kila jioni mtu hupunguza makadirio yake. Ila katika mfano wetu wa kwanza saa zingeendelea kushuka huku foleni ikijazana kwa mpimaji, na habari mbaya ingefika siku ya tisa. Mimi naona heri mstari ulale na kunishtua mapema.

Kwa sprinti inayofuata, timu ile ya kwanza ina mambo mawili ya kubadilisha. Kadi za pointi 5 zigawanywe ziwe za 2 au 3, ili za kwanza zimfikie mpimaji mapema. Halafu `In Progress` iwekewe kikomo, tuseme kadi tatu. Msanidi asiye na nafasi humo anaungana na mwenzake au anakwenda kupima.