Keshauti: kiasi unachopewa hupangwaje, na ni wakati gani hakikufai

Malalamiko ya wabashiri kuhusu keshauti, yaani kulipwa na kampuni ya kubashiri na kuuachia mkeka kabla mechi haijaisha, yanayofika mezani petu yamegawanyika sehemu mbili. Wapo wanaosema kitufe cha "Cash Out" kilikataa wakati walipokihitaji, na wapo wanaosema walipewa kiasi kidogo kuliko haki yao. La kwanza ni suala la utaratibu, na nitalieleza mwishoni. La pili ni suala la hesabu, na hesabu hiyo mbashiri anaweza kuifanya mwenyewe kabla hajabonyeza.

Kwanza tuondoe dhana moja ambayo imerudiwa kiasi cha kuchosha: kwamba kampuni ikikuletea ofa nono inajua utashinda, na ikikuletea ofa ndogo inajua utapoteza. Kampuni haijui matokeo. Kiasi unachokiona hutolewa na mfumo wa kompyuta unaofuata odi za mubashara za mechi hiyohiyo, na odi hizo hubadilika kwa dakika zilizobaki, mabao, kadi nyekundu na fedha zinazowekwa na watu wengine. Mfumo huchukua malipo ambayo mkeka wako ungeleta ukishinda, huyazidisha kwa uwezekano wa kushinda kwa wakati huo, kisha hukata sehemu ya kampuni. Makato hayo ya mwisho hayaandikwi popote kwenye skrini, na ndiyo yanayoamua kama ofa inafaa au haifai.

Tuchukue mfano. Umeweka dau la 1,000 kwa timu ya nyumbani kwa odi ya 3.00, kwa hiyo ikishinda utalipwa 3,000. Dakika ya 62 inaongoza bao 1 kwa 0, na kampuni inakupa keshauti ya 2,100. Wengi hulinganisha 2,100 na dau la 1,000, wakaona wamepata faida ya 1,100, wakabonyeza. Ulinganisho huo haukusaidii, kwa sababu 1,000 ulishaitoa. Ulichonacho mkononi sasa ni mkeka, na swali ni mkeka huo una thamani gani dakika hiyo.

Ili kuijua, fungua ukurasa wa mechi hiyo na utazame odi za mubashara za matokeo mawili yanayoweza kukuangusha. Tuseme sare ina odi ya 5.00 na ushindi wa ugenini una odi ya 20.00. Gawanya malipo yako ya 3,000 kwa 5.00, unapata 600. Gawanya tena 3,000 kwa 20.00, unapata 150. Jumla ni 750, nayo ndiyo gharama ya kujihakikishia 3,000 hata timu yako isiposhinda. Ukitoa 750 katika 3,000 inabaki 2,250. Hicho ndicho kipimo chako. Kampuni imekupa 2,100, yaani 150 pungufu ya kiasi ambacho odi zake yenyewe zinaonyesha.

Niseme wazi kwamba simshauri mtu aongeze madau mapya ili kujilinda. Hesabu hii ni ya kupimia tu. Tena ni kipimo kinachoipendelea kampuni, kwa kuwa odi za 5.00 na 20.00 tayari zina faida yake ndani, na thamani halisi ya mkeka wako iko juu kidogo ya 2,250. Kwa hiyo ofa ikiwa chini ya kipimo hiki, jua kwamba umekatwa mara mbili. Ulilipa faida ya kampuni ndani ya odi ya 3.00 siku ulipoweka dau, na ukibonyeza unailipa tena wakati wa kutoka. Kutoa nusu ya mkeka na kuiacha nusu iendelee hakubadilishi hilo, maana makato hubaki yaleyale kwenye ile nusu iliyotoka.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi kabla mechi haijaanza. Weka dau kisha fungua keshauti papo hapo, na mara nyingi utakuta ofa iko chini ya dau lako ingawa mpira haujaguswa. Watu hutuandikia wakidhani ni hitilafu ya mfumo, na sivyo. Ni faida ya kampuni imeonekana waziwazi kwa mara ya kwanza. Anayebadili mawazo dakika chache baada ya kuweka dau hulipia mabadiliko hayo bila kupata chochote.

Kwenye mkeka wa mechi nyingi hali ni mbaya zaidi, na hapa ndipo wabashiri wengi hupoteza bila kujua. Ikiwa kila mechi ina faida ya kampuni ya asilimia 5, mkeka wa mechi 5 wenye dau la 1,000 una thamani ya takriban 780 tangu unapoutuma, kwa sababu makato hayo huzidishana mechi kwa mechi. Keshauti ya mkeka ambao bado una mechi 3 au 4 hukokotolewa juu ya mechi zote zilizobaki, kisha hukatwa tena. Zaidi ya hapo, kipimo nilichokieleza huwezi kukitumia kwa urahisi mechi zinapokuwa nyingi, kwa hiyo mbashiri hukubali namba asiyo na njia ya kuihakiki. Ikibaki mechi moja, kipimo kinafanya kazi kama kawaida: chukua malipo kamili ya mkeka mzima na ufanye hesabu ileile.

Wakati mwingine wa kuwa mwangalifu ni dakika za mwisho ushindi unapokaribia kuwa wa hakika. Timu yako inaongoza 2 kwa 0 dakika ya 88 na unapewa 2,800 badala ya 3,000. Kama sare bado ina odi ya 50.00 na ugenini 500.00, gharama ya kujilinda ni 60 na 6, kwa hiyo kipimo ni 2,934. Unaombwa kuacha 134 kwa ajili ya hofu ya dakika mbili na nyongeza.

Sikatai kwamba ipo sababu ya haki ya kutoa fedha mapema. Mtu ambaye kiasi hicho ni kikubwa kwake kiasi kwamba hawezi kukipoteza anaweza kuchagua uhakika, mradi ajue bei anayoilipa.

Sasa kuhusu kitufe kukataa. Ukibonyeza, ombi lako hupita kwenye sekunde kadhaa za kusubiri, na odi zikibadilika ndani ya sekunde hizo ombi hukataliwa au huletewa kiasi kipya. Penalti ikitolewa au mwamuzi wa video akianza kupitia tukio, soko hufungwa na keshauti huondoka. Masharti mengi uliyoyakubali unapofungua akaunti yanasema huduma hii haihakikishwi, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake si ukiukaji.

Lalamiko lenye msingi ni pale mfumo ulipothibitisha ombi kisha kiasi kilicholipwa kikatofautiana na kilichothibitishwa, au mkeka ukaendelea kuhesabiwa kana kwamba haukutolewa. Hapo andika namba ya mkeka, tarehe, saa na dakika, kiasi ulichokiona na picha ya skrini yenye ujumbe wa uthibitisho, uwasilishe kwanza kwa kampuni kwa maandishi na uhifadhi jibu lake. Bila jibu hilo, au bila ushahidi kwamba hukujibiwa, mamlaka ya usimamizi haina pa kuanzia. Ukiwa navyo, mamlaka inaweza kuitaka kampuni itoe kumbukumbu za mfumo, ambazo huonyesha sekunde ombi lilipopokelewa na kiasi kilichokuwa hai sekunde hiyo. Lalamiko la kwamba timu ilishinda baada ya wewe kutoa fedha halina pa kupelekwa.