Tangazo la kazi lililotiwa chumvi humpa nani alama?

"Tangazo likitiwa chumvi, si waombaji wote wanapimwa kwa mizani ile ile? Aliye bora si atabaki juu tu, hata kama wote wamepungukiwa?"

Hapana, anaweza kabisa kushuka. Nalisema hili kwa unyenyekevu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulijibu kinyume, tena mbele ya kamati ya ajira iliyokuwa ikisubiri nitoe mwongozo. Niliwaambia tangazo kali ni kama kupandisha ile fito ya kuruka juu: warukaji ni wale wale, wengi wataiangusha, lakini wa kwanza atabaki wa kwanza. Wakatikisa vichwa kukubali. Mfano ulikuwa mzuri, ila haukuhusu kazi tuliyokuwa tunaifanya.

Mruka juu anapimwa kwa jambo moja. Wasifu wa mwombaji unapimwa kwa mambo mengi, kisha alama zinajumlishwa, na idadi ya mambo hayo inatoka kwenye tangazo. Anayeongeza sentensi kwenye tangazo hapandishi fito, anaongeza mchezo mwingine kwenye mashindano. Mtu aliyekuja kuruka anajikuta anapimwa pia kwa kutupa mkuki na kwa kuimba wimbo wa taifa, na michezo yote ina alama sawa. Mwishoni anatangazwa bingwa, na hakuna anayekumbuka kuuliza ni bingwa wa nini.

Nichukue tangazo lile lile lililonitia aibu. Nafasi ilikuwa ya mtunza stoo wa ghala la pembejeo: mbegu, dawa za mifugo na viuatilifu. Kazi yenyewe ni ya watu wa makini. Mzigo ukifika unauhesabu mbele ya dereva kabla hujasaini hati. Unaandika kadi ya stoo kila kinapoingia au kutoka kitu. Mwisho wa mwezi unahesabu kilicho rafuni na kukilinganisha na leja. Na kwa sababu mbegu na dawa zina tarehe za kwisha muda, chenye tarehe ya karibu kinatoka kwanza, hata kama kiliingia jana. Hayo ndiyo mambo manne ya kazi: kupokea na kuhesabu, kadi, ulinganisho wa leja, na tarehe.

Tangazo lilikuwa na mambo kumi. Yale manne yalikuwamo. Yaliyobaki yalikuwa shahada, uzoefu wa miaka saba, uongozi wenye maono, fikra za kimkakati, mawasiliano ya hali ya juu, na moyo wa kushirikiana. Nilipouliza yametoka wapi, niliambiwa yamenakiliwa kutoka tangazo la meneja wa mwaka uliopita, "ili lisionekane jepesi." Kamati ikageuza kila sentensi kuwa kigezo, kila kigezo kikapewa alama 0 hadi 5, jumla 50. Ndivyo kamati nyingi zinavyofanya, na kwa juu juu hakuna kosa.

Wawili walioishia juu walitofautiana kama usiku na mchana. Wa kwanza alikuwa na diploma na miaka mitano ndani ya ghala. Wasifu wake ulikuwa ukurasa mmoja, umeandikwa kama leja: nilipokea, nilihesabu, nilikuta upungufu, niliripoti. Kwenye mambo manne ya kazi alipata 5, 5, 4 na 5, yaani 19 kati ya 20. Kwenye shahada alipata 2, kwenye miaka 3. Kwenye uongozi, mkakati, mawasiliano na ushirikiano alipata 1, 0, 2 na 1, kwa kuwa maneno hayo hayakumo kwenye ukurasa wake. Jumla 28.

Wa pili alikuwa na shahada na miaka mitano pia, mingi yake ofisini. Kwenye mambo ya kazi alipata 2, 1, 4 na 1, yaani 8. Shahada 5, miaka 3. Kisha uongozi 4, mkakati 4, mawasiliano 5, ushirikiano 4. Jumla 33. Akaongoza kwa alama tano mtu ambaye hakuna sehemu aliyoonyesha kwamba amewahi kushika kadi ya stoo kwa mwezi mzima.

Hapa ndipo penye utamu wenyewe, tuende taratibu. Kumbuka darasa lenu la sekondari. Kila somo lilikuwa na alama 100, kwa hiyo kwa karatasi masomo yote yalikuwa sawa. Lakini kama kwenye Kiswahili darasa zima lilipata kati ya 65 na 75, na kwenye Hisabati watu walitawanyika kutoka 4 hadi 96, nani aliamua wa kwanza awe nani? Hisabati. Kiswahili kilimpa kila mtu karibu kile kile, na kitu ambacho kila mtu amepewa hakibadilishi foleni. Uzito wa somo katika kupanga nafasi unatokana na jinsi linavyowatawanya watu, kuliko alama zilizochapishwa juu ya karatasi.

Rudi kwenye meza ya kamati. "Miaka saba" iliwapa wote wawili 3, hivyo ilikuwa Kiswahili cha darasa letu: ilionekana kali kwenye tangazo na haikuamua chochote baina yao. Mambo manne ya kazi yalimweka wa kwanza mbele kwa alama 11. Shahada ikampunguzia 3. Yale maneno manne makubwa yakampunguzia 13. Kumi na moja dhidi ya kumi na sita, ndipo zinapotoka zile tano.

Sasa yatazame maneno hayo manne kwa karibu. Kwenye karatasi, mwanakamati anajuaje kwamba mtu ana maono? Anasoma sentensi inayosema ana maono. Anajuaje ana mkakati? Vivyo hivyo. Vigezo vinne vilikuwa vinapima kitu kimoja, ufundi wa kuandika wasifu, na ufundi huo ukahesabiwa mara nne. Ni kama mjomba mmoja kwenye kikao cha harusi anayepiga kura mwenyewe, kisha akapiga kwa niaba ya mkewe, ya dada yake na ya jirani aliyesafiri. Kura ni nne, kichwa ni kimoja.

Dawa ya kwanza ni rahisi kuliko nilivyotarajia: vigezo vinavyopanda na kushuka pamoja viunganishwe kuwa kimoja. Kuvitambua hakuhitaji hesabu kubwa. Panga alama za waombaji kumi kwenye jedwali la Excel na utazame safu mbili mbili. Kama karibu kila aliyepata juu hapa amepata juu na pale, na aliyepata chini vivyo hivyo, jiulize kama karatasi inakuonyesha mambo mawili au moja. Tahadhari moja: vitu viwili vya kweli navyo hutembea pamoja, kwa mfano kuandika kadi na kulinganisha leja, kwa hiyo jedwali linatoa tuhuma tu. Hukumu inatoka kwa anayeijua kazi.

Tukiwaunganishia wale wawili, wa pili anabaki na 4 badala ya 17, na wa kwanza na 1 badala ya 4. Vigezo vinakuwa saba, jumla 35. Wa kwanza anapata 25, wa pili 20. Hatujagusa wasifu wa mtu, hatujaondoa hata shahada, na foleni imegeuka.

Shahada nayo ina kisa chake. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power, iliamua kwamba kudai cheti cha sekondari pale ambapo hakihusiani na utendaji wa kazi, huku kikiwafungia mlango Waamerika weusi kwa wingi, ni kinyume cha sheria ya haki za kiraia ya 1964. Sheria hiyo ni ya kwao, lakini swali lake linasafiri vizuri: ni lini ndani ya wiki ya kazi elimu hii inatumika? Jibu likikosekana, shahada isipewe alama. Na ikiwa ni lazima kisheria au kitaaluma, kama kwa mfamasia, iwe mlango: unayo unaingia, huna unabaki nje. Mlango haugawi alama za ziada kwa aliyeingia kwa mbwembwe.

Ubovu wa pili wa matangazo ni utata, nao hupotosha kwa njia nyingine. "Uzoefu mzuri wa mifumo ya stoo." Mwanakamati mmoja alisoma "mifumo" akafikiria programu za kompyuta, akatoa 1. Mwingine akafikiria kadi na leja, akatoa 5. Wastani wao ni 3, namba ambayo hakuna hata mmoja wao anayeiamini. Kipimo chake ni kuwapa watu wawili wasifu kumi zile zile, kila mmoja peke yake, bila kunong'ona. Kigezo ambacho wanapishana kwa alama mbili au zaidi mara kwa mara kina sentensi mbovu. Iandikwe upya kwa kueleza 1 ni nini, 3 ni nini na 5 ni nini. Kwa leja, kwa mfano: 1, ametaja stoo tu, 3, amesema alihesabu mali kila mwezi, 5, ameeleza upungufu alioukuta na alichofanya.

Maelezo ya namna hiyo hayatungwi na ofisi ya utumishi peke yake. Mwanasaikolojia John Flanagan alichapisha mwaka 1954 mbinu aliyoijenga kutokana na kazi yake na marubani wa jeshi la Marekani: usimuulize mtu sifa za mfanyakazi bora, muulize asimulie siku mambo yalipokwenda vizuri sana au vibaya sana, na nani alifanya nini. Ukimuuliza msimamizi wa ghala sifa, atakupa uongozi na uadilifu. Ukimuuliza siku mbaya, atakusimulia katoni za chanjo zilizokwisha muda nyuma ya katoni mpya.

Programu zinazolinganisha maneno ya wasifu na ya tangazo huzidisha yote haya, kwani kwao aya ya "sisi ni familia yenye ndoto kubwa" ni maneno kama mengine. Zipewe sehemu ya majukumu peke yake.

Yote haya lakini yafanyike kabla bahasha hazijafunguliwa, kwa kutumia wasifu za ajira zilizopita. Kuunganisha vigezo baada ya kuona majina ni mlango wa upendeleo, na kuongeza sharti ambalo halikutangazwa ni kuwaonea walioomba. Na kuna hasara ambayo hakuna jedwali linaloirudisha: waliosoma "miaka saba" na "maono", wakafunga ukurasa. Wale hawana wasifu wa kupewa alama. Ni kutangaza upya tu.

Siku hizi kabla sijakubali vigezo naomba wasifu wa mtu anayeifanya kazi hiyo vizuri sasa. Pale ghalani alikuwapo mzee aliyekuwa anastaafu, kidato cha nne, miaka ishirini na mitatu kwenye stoo ile. Tulimpa alama kwa tangazo lililokuwa linamtafuta mrithi wake. Akapata 24 kati ya 50.