Aya inayosikika kama mtu anafikiri

Chukua aya hii ya insha ya fasihi, aina ambayo kila msahihishaji ameshakutana nayo:

"Usimulizi wa nafsi ya kwanza ni mbinu muhimu sana katika fasihi. Ni dhahiri kwamba matumizi ya mbinu hii husababisha kuwepo kwa ukaribu baina ya msomaji na mhusika. Aidha, mbinu hii ina nafasi kubwa katika ujenzi wa uaminifu wa masimulizi. Hivyo basi, umuhimu wake hauwezi kupuuzwa."

Sarufi haina tatizo. Wengi huanza kuirekebisha kwa kubadilisha msamiati, na aya hubaki kavu vilevile. Jaribu badala yake kupindua mpangilio wa sentensi ya pili na ya tatu. Hakuna kinachoharibika, maana yake hakuna hoja inayotoka moja kwenda nyingine. "Aidha" imeziweka jirani tu.

Sasa jiulize uhusiano wa kweli kati ya ukaribu na uaminifu ni upi. Hapo ndipo kazi ilipo, maana mambo hayo mawili mara nyingi huvutana: msimulizi anaweza kuwa karibu nasi na bado akatudanganya. Mvutano huo ndio uwe uti wa mgongo wa aya:

"Msimulizi wa nafsi ya kwanza humwingiza msomaji katika mawazo yake, lakini ukaribu huo si sababu ya kumwamini. Kwa kuwa kila tukio hupitia machoni pake, msomaji hupata tu yale aliyoyaona na kuamua kuyataja. Shaka huanza pale kauli zake zinapopingana na mwenendo wake, kwa mfano anapodai kwamba hana kinyongo huku akiorodhesha kila kosa alilotendewa. Inaelekea ni mvutano huu, zaidi ya ukaribu wenyewe, unaoipa mbinu hii nguvu."

Sasa sentensi hazipinduliki. Nomino nzito kama "kuwepo kwa ukaribu" zimegeuka vitenzi vyenye mtendaji: msimulizi huingiza, hudai, huorodhesha. "Ni dhahiri" imeondoka kwa sababu jambo halikuwa dhahiri. Mfano wa kinyongo unafanya kazi iliyokuwa ikidaiwa na maneno hayo. Katika insha yako mfano huo utoke kwenye matini unayoichambua, na ukurasa utajwe.

Mtindo wa kitaaluma haujaguswa: istilahi zimebaki, nafsi ya tatu imebaki, na hakuna swali la balagha. "Inaelekea" imetumika mara moja tu, kwenye dai ambalo ushahidi haujalifunga. Ukiisambaza kila sentensi, mwandishi ataonekana anaogopa hoja yake mwenyewe. Kosa la upande wa pili ni kuingiza "kusema kweli" au "mimi binafsi naona" ili aya isikike hai. Hiyo ni sauti ya mazungumzo tu, na msahihishaji ataikata kwa haki.

Sentensi ya mwisho ya aya ya kwanza sikuiandika upya. Niliifuta.