Kotesheni tatu za kokoto kwenye simu: zilinganishe hivi kabla ya kulipa

Mvua zinapokatika na ujenzi kuanza, dawati letu la ushauri wa manunuzi hupokea malalamiko yanayofanana kutoka kwa vikundi vya wakulima na kamati za ujenzi za hapa Mbeya. Mhazini ametumiwa picha tatu za kotesheni, wajumbe wamechagua yenye tarakimu ndogo, na fedha zimeisha kabla kokoto hazijatosha. Makala haya ni kwa vikundi binafsi. Taasisi za umma zina utaratibu wao wa ununuzi kupitia mfumo wa NeST, na lolote tunalosema hapa halichukui nafasi yake.

Tuchukue kikundi kinachojenga ghala la viazi upande wa Isyonje, mita 400 kutoka barabara ya lami. Fundi amehesabu mita za ujazo 30 za kokoto za robo tatu. Bei tunazotumia ni za mfano, za soko mtaulizia wenyewe. Muuzaji wa kwanza ameandika “tripu moja ya fuso 420,000, hadi saiti”. Wa pili ameandika “tani 28,000, bila VAT, kuchukulia krasha”. Wa tatu ameandika “kyubiki 66,000 pamoja na VAT”, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, “kushusha barabarani”.

Maneno hayo ya chini ndiyo picha hukata. Kabla ya hesabu yoyote, hakikisheni pembe nne za karatasi zinaonekana, na nyuma pia kama kuna maandishi. Ombeni picha itumwe kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida WhatsApp huipunguza ubora, na 1 ya kalamu hugeuka 7. Kisha zidisheni wenyewe kiasi kwa bei ya kimoja. Jibu lisipolingana na jumla iliyoandikwa, tarakimu mojawapo imesomwa vibaya au imekosewa. Msikisie ipi. Mpigieni muuzaji, na jibu lake alitume kwa maandishi.

Sasa vipimo. Tripu si kipimo, na tunasikitika kwamba bado tunalazimika kulisema hili kila mwaka. Pimeni bodi la lori kwa ndani: urefu mita 4, upana mita 2, kina sentimita 75, hiyo ni mita za ujazo 6 likijaa hadi ukingoni. Kwa hiyo mita 30 ni tripu 5, yaani shilingi 2,100,000.

Tani nayo lazima igeuzwe. Chukueni ndoo ambayo mmehakikisha inaingia lita 20, ijazeni kokoto kavu za krasha hiyohiyo, sawazisheni juu, pimeni, kisha toeni uzito wa ndoo tupu. Tuseme mmepata kilo 30. Lita 20 ni sehemu moja ya 50 ya mita ya ujazo, hivyo mita moja ina kilo 1,500, na mita 30 ni tani 45. Msichukue uzito wa mita moja kutoka kwa jirani, kwa sababu unabadilika kulingana na aina ya jiwe na ukubwa wa kokoto. Na msipime mzigo uliolowa kwenye mizani: ukibeba maji ya asilimia 2 tu, katika tani 45 mmelipia karibu tani nzima ya maji.

Tani 45 kwa 28,000 ni 1,260,000. Ongezeni VAT ya kiwango cha kawaida, asilimia 18, ambayo ni 226,800, mnapata 1,486,800, na mzigo bado uko krasha. Ulizeni bei ya lori kutoka pale hadi saiti. Ikiwa ni 150,000 kwa tripu, tripu 5 ni 750,000, na jumla ya muuzaji wa pili inakuwa 2,236,800.

Wa tatu anaonekana rahisi kuliko wote: 1,980,000, VAT ndani. Lakini kokoto ziko kando ya lami. Trekta lenye tela la mita za ujazo 3 litakwenda mara 10. Kwa 20,000 kila safari, na 8,000 za vibarua wa kupakia, mnaongeza 280,000. Jumla 2,260,000. Aliyeonekana rahisi kuliko wote sasa ndiye wa juu.

Hivyo muuzaji wa kwanza anaongoza, lakini uongozi wake ni mwembamba. Gawanyeni jumla ya wa pili kwa 30, mnapata 74,560 kwa kila mita. Gawanyeni 420,000 kwa hiyo, jibu ni mita 5.63. Katika bodi letu hicho ni kina cha sentimita 70. Maana yake ni kwamba mzigo ukiwa chini ya ukingo kwa zaidi ya sentimita 5, faida yote imekwisha. Kokoto hujishindilia njiani, na lori lililojaa krasha hufika limeshuka. Kwa hiyo andikianeni mapema kipimo kitachukuliwa wapi, krasha au saiti, na nani atapanda kupima kabla tipa haijainuliwa. Zikishamwagwa hakuna ubishi mtakaoshinda. Andikeni pia njia ikilowa na lori likashindwa kuingia, gharama ya kusogeza mzigo ni ya nani.

Kuhusu kodi, tunasikia sana kauli kwamba “asiye na VAT ndiye nafuu”. Si lazima. Kwa kikundi kisichosajiliwa VAT, kodi hiyo ni gharama kama gharama nyingine, basi linganisheni jumla yenye kodi ndani. Lakini mnunuzi aliyesajiliwa, anayetumia mzigo kwa shughuli zinazotozwa VAT na mwenye risiti halali, anaweza kuidai VAT aliyolipa. Yeye aiondoe kabla ya kulinganisha. Na kuiondoa ni kugawanya kwa 1.18, si kutoa asilimia 18. Ile 1,980,000 ikigawanywa ni 1,677,966. Wanaotoa asilimia 18 hupata 1,623,600 na kupotea kwa shilingi 54,366. Ongezeni trekta na vibarua, wa tatu anakuwa 1,957,966, wa pili 2,010,000, wa kwanza, ambaye hakuandika VAT ya kudai, anabaki 2,100,000. Karatasi zilezile, mpangilio umepinduka wote.

Muuzaji anayeandika VAT lazima awe na namba ya usajili wa VAT, yaani VRN. TIN peke yake haimpi ruhusa ya kutoza VAT. Mkiona mstari wa VAT bila VRN, simamisheni na muulizeni TRA kabla ya kulipa chochote. Na asiyesajiliwa VAT hajasamehewa risiti kwa sababu hiyo tu. Daini risiti ya EFD yenye kiasi mlicholipa hasa, kwani kutodai risiti ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438.

Picha inatosha kulinganisha, haitoshi kulipia. Mkishachagua, chukueni karatasi halisi yenye saini na muhuri, angalieni tarehe ya mwisho ya bei, na ikiwa imepita ombeni mpya. Ambatanisheni picha zote tatu, karatasi ya hesabu iliyosainiwa na wajumbe waliohesabu, na maelezo ya vipimo vya bodi na ndoo. Malipo yafuate tripu zilizopimwa, moja baada ya nyingine. Mkiwa mmekwisha kulipa tripu zote 5 na ya tatu ikafika imepungua, dawati letu litawasikiliza, lakini fedha zenu zitakuwa tayari mikononi mwa muuzaji.