Topido za kwanza hazikufukuza meli

"Si topido tangu zamani ni kombora la majini linaloifukuza meli lenyewe?"

Hapana, baadhi ya za mwanzo zilikuwa baruti tu kwenye ncha ya mti mrefu, yaani ilibidi uisogelee meli mpaka uichome nayo. 1864 nyambizi iitwayo Hunley iliizamisha manowari Housatonic hivyohivyo karibu na Charleston, Marekani, ila na yenyewe haikurudi, watu wote 8 wakafa. 1866 mhandisi Mwingereza Whitehead akaleta inayojiendesha kwa hewa iliyoshindiliwa, lakini nayo ilienda mbele tu. Zinazofuata mlio wa propela zikaja vitani 1943. Manowari zilishabadilika kabla ya hapo, zikawekewa matumbo ya chuma ubavuni ili mlipuko uishie huko nje, na zikaundwa destroya, meli za kasi za kuwinda boti za topido.